Mistari Mingapi Imeingia Usiku Huu?

Watu wakishalala, kompyuta za kampuni nyingi huanza kazi ambayo wateja hawaijui kabisa. Mauzo ya siku nzima hutolewa kwenye mashine za matawi, yakapelekwa makao makuu na kumiminwa katika kanzidata moja kubwa. Kufika asubuhi, meneja anafungua ripoti yake, mhasibu anachukua jumla zake, na mtu wa stoo anaona bidhaa gani imepungua. Fundi anayesimamia kazi hiyo ya usiku yeye anatazama kitu kimoja tu kwenye skrini: neno `SUCCESS` lenye rangi ya kijani. Akiliona, anaagiza chai.

Tatizo ni kwamba neno hilo linasema kidogo sana. Linasema programu ilianza, ikafika mwisho na haikukwama njiani. Halisemi imebeba nini. Tawi likituma faili tupu, programu italifungua, itakuta hakuna cha kupakia, itafunga na kuripoti kwamba kazi imekamilika, tena mapema kuliko siku zote. Tawi likituma faili la jana badala ya la leo, au likituma la leo mara mbili, rangi bado ni ya kijani. Makosa ya aina hii hayapigi kelele. Mara nyingi hugunduliwa siku kadhaa baadaye, mhasibu anapouliza mbona Ijumaa iliyopita tawi fulani liliuza nusu ya kawaida, na kwa wakati huo maamuzi yamekwishafanyika juu ya namba hizo.

Dawa ya kwanza ni ya kizamani mno. Pale bandarini kuna karani anayehesabu magunia yanaposhuka kutoka melini na mwingine anayeyahesabu yanapoingia ghalani, na hesabu zisipolingana hakuna anayetia saini. Katika upakiaji wa data, gunia ni mstari: risiti moja, malipo mamoja, mgonjwa mmoja. Kila mkupuo wa usiku uhesabiwe umeleta mistari mingapi, hesabu hiyo iandikwe mahali pa kudumu, kisha ilinganishwe na mikupuo iliyotangulia.

Kuandika mahali pa kudumu ndiko wengi wanakoteleza. Hesabu huonekana kwenye skrini kwa sekunde chache, au hukaa ndani ya faili refu la kumbukumbu ambalo hufutwa baada ya wiki. Kinachotakiwa ni jedwali dogo, tuliite daftari la upakiaji, ambalo kila mkupuo unaongeza mstari mmoja: tarehe, chanzo cha data, saa ya kuanza na ya kumaliza, mistari iliyosomwa kutoka kwenye faili, mistari iliyoandikwa kwenye kanzidata, na mistari iliyokataliwa kwa sababu ina kasoro. Kwa matawi 40 daftari hilo litakuwa na mistari 14,600 kwa mwaka mzima, kiasi ambacho simu ya mkononi ingekihifadhi bila taabu. Gharama si kisingizio.

Baada ya hapo swali gumu ni moja: kawaida ni ngapi?

Tuseme kuna mfanyabiashara wa maduka ya jumla mwenye matawi 40, na tulitazame tawi namba 7. Leo ni Ijumaa usiku. Jibu la haraka ni kulinganisha na jana, lakini Alhamisi na Ijumaa si ndugu. Siku moja duka limejaa watu wanaonunua vya wikiendi, siku nyingine wauzaji wanapiga miayo. Ukilinganisha na jana, kengele italia kila Ijumaa kwa kuwa mistari imezidi na kila Jumatatu kwa kuwa imepungua, na baada ya wiki tatu hakuna atakayeisikiliza. Ijumaa ilinganishwe na Ijumaa. Tukichukua nane zilizopita, daftari la tawi 7 linatuonyesha 4,120, kisha 3,985, 4,240, 4,060, 8,310, 4,155, 3,940 na 4,090.

Mara moja jicho linatua kwenye 8,310. Ijumaa hiyo mtandao ulikatika katikati ya kazi, mtu akaanzisha upakiaji upya bila kufuta ulioingia kwanza, na mauzo ya siku moja yakaingia mara mbili. Makosa kama hayo hayatoki kwenye historia yenyewe, na ndiyo maana namna ya kupata kawaida inahitaji uangalifu. Ukijumlisha zote nane na kugawanya, wastani ni 4,612. Lakini hakuna Ijumaa hata moja kati ya zile saba zenye afya iliyofika 4,300. Siku moja mbovu imeuvuta wastani juu kwa mistari karibu mia tano.

Njia iliyo salama zaidi ni kuzipanga namba kutoka ndogo hadi kubwa na kuchukua ya katikati. Kwa kuwa ziko nane, tunachukua mbili za katikati, 4,090 na 4,120, na nusu ya jumla yake ni 4,105. Ile 8,310 inakaa pembeni mwisho wa foleni, haina nguvu ya kuivuta namba ya katikati. Hata ingekuwa 80,000, jibu lingebaki lilelile. Kwenye kanzidata ya PostgreSQL hesabu hiyo ni ombi fupi:

```sql
SELECT percentile_cont(0.5)
       WITHIN GROUP (ORDER BY mistari)
FROM daftari_upakiaji
WHERE chanzo = 'tawi_07'
  AND siku_ya_wiki = 5
  AND tarehe >= CURRENT_DATE - 56
  AND tarehe < CURRENT_DATE;
```

Siku 56 ni wiki nane. Kwa nini nane? Ukichukua chache zaidi, siku mbili mbovu zinatosha kuipindua hesabu. Ukichukua za mwaka mzima, unalinganisha biashara ya leo na ya zamani, kabla duka jirani halijafunguliwa au halijafungwa. Nane ni mapatano, si sheria.

Sasa tuweke mipaka. Kwa tawi hili ambalo Ijumaa zake zenye afya hazitofautiani hata kwa asilimia kumi, tunaweza kusema chochote kilicho chini ya asilimia 70 ya namba ya katikati au juu ya asilimia 140 kipigiwe kengele. Sakafu inakuwa 2,873 na dari 5,747. Usiku huu mkupuo umeleta mistari 1,870. Kengele inalia.

Fundi anafanya nini? Hakimbilii kuanzisha upya. Anafungua mistari iliyoingia na kutazama saa ya risiti ya mwisho, naye anakuta saa 7:14 mchana, wakati duka hufungwa saa 2 usiku. Hapo jibu limejitokeza lenyewe: faili lilikatwa njiani, nusu ya kwanza ya siku imefika na nusu ya pili imebaki tawini. Kama risiti zingekuwa zimesambaa kuanzia asubuhi hadi usiku lakini ni chache, angeshuku jambo jingine kabisa, pengine mashine mbili kati ya nne za malipo hazikutuma, au mvua kubwa ilinyesha na wateja hawakuja. Hesabu ya mistari humwambia kuna jambo; haimwambii jambo gani.

Anaomba faili litumwe tena, linakuja zima likiwa na mistari 4,074. Hapa ndipo lile kosa la wiki kadhaa zilizopita linapotaka kujirudia. Asipofuta ile 1,870 ya kwanza, kanzidata itakuwa na 5,944 za Ijumaa hiyo. Dari yetu ya 5,747 inamkamata. Lakini angetumia wastani wa 4,612, asilimia 140 yake ni 6,457, na kosa lingepita kimya. Yaani rudufu ya zamani ingeifunika rudufu mpya. Binafsi naona mfano huu peke yake unatosha kumaliza ubishi kati ya wastani na namba ya katikati.

Mipaka ya asilimia ina udhaifu mmoja ambao watu hukutana nao mapema. Tuseme kampuni hiyohiyo ina kibanda kidogo kinachotoa risiti tisa kwa siku. Leo zimekuja tano. Hiyo ni asilimia 55, kengele inalia, lakini hakuna kilichoharibika. Wateja wanne tu hawakupita. Matukio yanayokuja moja moja bila mpangilio huyumba yenyewe kwa kiasi cha karibu kipeuo cha pili cha idadi yake. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3, kwa hiyo 6 au 12 ni siku ya kawaida kabisa, na hata 4 haishangazi. Kipeuo cha pili cha 4,000 ni 63 hivi, chini ya asilimia mbili, ndiyo sababu tawi kubwa linaweza kubanwa kwa mipaka finyu na kibanda hakiwezi. Katika maisha halisi hata tawi kubwa huyumba zaidi ya hapo, kwa sababu mvua, mshahara na bei hugusa wateja wote kwa pamoja. Kwa vyanzo vidogo ni busara kuachana na asilimia na kuuliza swali moja tu: je, imekuja sifuri?

Kalenda nayo ina mambo yake. Mwisho wa mwezi mishahara inapotoka, miamala ya simu na ya madukani hupanda bila kosa la mtu. Sikukuu zenye tarehe moja, kama Krismasi au Mei Mosi, ni rahisi kuziandikia orodha. Idd ni kazi zaidi, kwa kuwa kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi na kila mwaka sikukuu hurudi nyuma siku kama 11 kwenye kalenda ya kawaida; anayelinganisha na tarehe ileile ya mwaka jana atapotea. Suluhisho langu ni la kivivu lakini hufanya kazi: orodha fupi ya siku maalumu, na siku hizo kengele ya kuzidi hulegezwa huku ile ya sifuri ikibaki kama ilivyo.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani kwamba akishakuwa na historia nzuri na mipaka mizuri, amekingwa. Tukio la Uingereza la mwaka 2020 linaonyesha sivyo.

Mwaka huo taasisi ya afya ya umma ya England, Public Health England, ilikuwa inapokea majibu ya vipimo vya korona kutoka maabara za watu binafsi. Maabara zilituma mafaili ya maandishi matupu, yale ya CSV, ambayo hayana kikomo cha urefu. Ndani ya taasisi mafaili hayo yalihamishiwa kwenye majedwali ya Excel ya muundo wa zamani, XLS, ili yaingizwe kwenye mfumo mkuu. Muundo huo hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536. Na kwa kuwa mgonjwa mmoja alichukua mistari kadhaa, jedwali moja lilijaa kwa wagonjwa kama 1,400 tu. Waliozidi waliachwa nje.

Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba, wagonjwa 15,841 hawakuingia kwenye hesabu ya taifa. Wenyewe walikuwa wamepewa majibu yao, lakini majina yao hayakuwafikia kwa wakati wale waliokuwa na kazi ya kutafuta watu waliokutana nao. Siku za mwisho za tatizo hilo, hesabu iliyotangazwa ilikuwa karibu 7,000 kila siku. Kasoro iliporekebishwa na waliosahaulika kuongezwa, namba ikaruka hadi 12,872 Jumamosi ya tarehe 3 Oktoba na 22,961 siku iliyofuata.

Msomaji aliyefuatilia hesabu ya tawi namba 7 aitazame vizuri namba ile ya 7,000. Mtu anayelinganisha mkupuo wa leo na wa juzi asingeona cha kumshtua. Ugonjwa ulikuwa unapanda, mfumo ulikuwa unakata kilichozidi, na matokeo yake yakawa mstari uliotulia. Kengele ya sakafu isingelia, kwa sababu hakuna kilichoshuka. Kengele ya dari ingelia tarehe 3, yaani baada ya kosa kugunduliwa.

Kilichohitajika pale ni zile safu mbili za daftari nilizozitaja mwanzo, mistari iliyosomwa na mistari iliyoandikwa. Kama faili la maabara lina mistari 70,000 na jedwali lina 65,536, huhitaji historia wala mipaka ya asilimia. Namba mbili za usiku mmoja zimepingana, na tofauti yake ikiwa zaidi ya sifuri lazima ielezwe na mistari iliyokataliwa. Ukaguzi huu ni wa bei rahisi kuliko ule wa historia, na ndio unaosahaulika zaidi.

Kuna dalili nyingine ambayo tukio hilo linafundisha kuitafuta, nayo ni namba zinazogonga dari. Fundi mzoefu akiona mkupuo wenye mistari 65,536 kamili hukaa wima kitini, kwa sababu hiyo ni 2 iliyozidishwa kwa yenyewe mara 16, kikomo cha mashine na si cha wateja. Excel ya muundo mpya, uliokuja mwaka 2007, ina kikomo chake pia, 1,048,576. Mifumo inayotoa data kupitia mtandao mara nyingi hutoa ukurasa mmoja wenye rekodi 100 au 1,000, na programu iliyosahau kuomba ukurasa wa pili itapakia 1,000 kamili kila usiku bila kulalamika. Biashara halisi haitoi idadi ileile siku tatu mfululizo. Daftari likionyesha 1,000, 1,000, 1,000, kuna ukuta mahali fulani. Vivyo hivyo mkupuo ulio karibu mara mbili kamili ya kawaida ni rudufu mpaka ithibitishwe vingine, kwani wateja hawaongezeki kwa nadhifu kiasi hicho.

Mahali pengine kosa linapojificha ni ndani ya jumla. Mfanyabiashara wetu wa matawi 40 hupata mistari kama 160,000 kwa usiku. Tawi moja likipotea lote, jumla inashuka kwa asilimia mbili na nusu tu, na hakuna mpaka wenye akili utakaoliona. Kwa hiyo hesabu ifanywe kwa kila chanzo peke yake. Lakini nako kuna mtego: ukihesabu kwa kupanga mistari iliyoingia kwa majina ya matawi, tawi lisilotuma kitu halitakuwa na jina la kupangwa. Halitaonekana kama sifuri, halitaonekana kabisa. Lazima uwe na orodha ya matawi yanayotarajiwa, kisha uulize nani hajafika. Ni hivyohivyo kwa mkupuo mzima: kazi ya usiku isipoanza kabisa, haiandiki chochote kwenye daftari, na mkaguzi anayesoma daftari tu hataona kosa. Anayekagua awe programu nyingine, yenye saa yake, inayouliza saa 12 asubuhi kama mistari 40 ya leo imeandikwa.

Kengele ikilia, je, upakiaji usimamishwe au uendelee na mtu ajulishwe? Wengine husimamisha kila kitu, na matokeo yake meneja anakosa ripoti kwa sababu ya kibanda cha risiti tano. Wengine hutuma barua pepe tu, ambazo baada ya mwezi huzikwa kwenye folda isiyofunguliwa. Mimi ningegawa hivi. Sifuri kwa chanzo kikubwa, rudufu, na kusoma kusikolingana na kuandika, hivyo visimamishe: data ibaki kwenye jedwali la kusubiria, isiguse ripoti hadi mtu aiangalie. Vingine vyote viendelee, ila ripoti ibebe alama karibu na namba za tawi husika ili mhasibu ajue asizitegemee bado. Na mkupuo uliopigiwa kengele usihesabiwe katika zile Ijumaa nane mpaka mtu aandike kwamba ulikuwa wa kweli. Vinginevyo wiki tano za data iliyokatika zitatosha kuifanya nusu kuwa kawaida mpya, na siku data kamili itakaporudi kengele italia kwa sababu imezidi.

Hilo linagusa kikomo halisi cha njia hii. Chanzo kinachopoteza asilimia moja kila wiki kitapita chini ya kila mpaka, kwa kuwa kawaida inateremka nacho. Dawa yake ni kulinganisha pia na kipindi kilekile cha miezi sita nyuma, hata kama ni mara moja kwa mwezi. Na kuna makosa ambayo hesabu haitayaona kamwe: mistari 4,105 yenye bei zote sifuri ni mistari 4,105. Kwa hayo unahitaji ukaguzi wa yaliyomo, na kwa kawaida kujumlisha fedha za kila mkupuo na kuziandika kwenye daftari hilohilo ndiyo hatua inayofuata.

Kama ofisini kwako kuna kazi ya kompyuta inayofanyika usiku, muulize anayeisimamia swali moja kesho: wiki iliyopita, siku ya Jumanne, iliingia mistari mingapi na kutoka kwa nani? Akilazimika kwenda kutafuta, daftari halipo, na kulianzisha hakumchukui zaidi ya siku moja.